Meshi 40 si mikromita 600: kisa cha plasta ya ukuta wa zidaka, Lamu

Karatasi ya maelezo ya kazi ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu mchanga wa mkono wa mwisho wa plasta: upite mikromita 600. Nyumba ilikuwa ya zamani, mtaa wa Mkomani, kuta za matumbawe na dari ya boriti, na ukuta wenyewe ulikuwa na zidaka ambazo kingo zake ni nyembamba. Mkono wa mwisho ulipangwa uwe wa milimita 3. Kwa unene huo, mchanga wenye punje kubwa huburutwa na mwiko na kuacha mifereji, hasa kwenye kona za zidaka. Ndiyo maana aliyeandika karatasi akaweka kikomo cha mikromita 600, yaani milimita 0.6.

Fundi alikuwa na wavu wa kofi trei wa kuondolea kokoto, lakini hakuwa na chekeche ya kiwango hicho. Alimtuma mpwa wake kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Dukani nyavu za waya huuzwa kwa namba ya meshi, yaani idadi ya matundu katika inchi moja, si kwa mikromita, kwa hiyo kijana akapiga hesabu kwenye simu. Inchi moja ni milimita 25.4, yaani mikromita 25,400. Akagawanya kwa 600, akapata 42. Namba ya karibu iliyokuwapo dukani ilikuwa 40. Akanunua.

Hesabu hiyo inaonekana safi kabisa, na ndiyo iliyoharibu ukuta.

Mkono wa mwisho ulipakwa, ukapendeza, na baada ya siku tatu ukaanza kutoa nyufa nyembamba kama uzi zilizosambaa uso mzima. Hazikufuata maungio ya mawe, wala hazikuwa nyingi zaidi penye unyevu. Ukigonga ukuta haukutoa mlio wa uwazi, kwa hiyo mkono huo ulikuwa umeshika vizuri kwenye mkono wa chini yake. Nyufa za namna hii hutokana na kusinyaa: tabaka limepoteza maji mengi na kujivuta ndani ya upana wake lenyewe. Chokaa ilikuwa ileile iliyolowekwa miezi mingi na kutumika kwenye mikono miwili ya chini bila tatizo. Uwiano ulikuwa uleule, sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Kilichobadilika ni mchanga.

Nilipoitwa, mzee mmoja aliyekuwa akichanganya chokaa alishafika kwenye jibu kwa vidole vyake. Aliufikicha mchanga uliochekechwa akasema, "Mtanga hunu umekuwa unga, ami." Dalili ya pili ilikuwa uani, mahali palipomwagwa makapi ya chekeche. Rundo la makapi lilikuwa kubwa kuliko rundo la mchanga uliopita. Mchanga ule ulikuwa wa bara, umeletwa kwa mashua na kupandishwa mtaani kwa punda, na hakuna anayelipia mzigo wa namna hiyo ili atupe zaidi ya nusu yake. Chekeche ya mikromita 600 kwa mchanga wa kawaida wa plasta haikatai kiasi hicho.

Tuanze na wavu. Namba ya meshi huhesabu matundu yaliyomo katika inchi moja. Ukigawanya 25,400 kwa namba hiyo hupati upana wa tundu. Unapata umbali kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya waya unaofuata, na ndani ya umbali huo mna tundu pamoja na unene wa waya. Kwa hiyo lazima waya uutoe:

```
tundu (µm) = 25400 / meshi − unene wa waya (µm)
```

Kwa nyavu pana, kama za kuzuia kuku, waya ni sehemu ndogo na kuusahau hakuleti madhara. Kadiri matundu yanavyokuwa madogo, waya haupungui hadi kukaribia kutokuwepo, maana wavu lazima ubaki na nguvu. Katika chekeche za maabara zinazofuata kanuni ya ISO 3310, waya huchukua takriban asilimia 40 ya umbali huo, iwe ni chekeche ya mikromita 600 au ya 75. Anayegawanya tu bila kutoa waya hukosea kwa kiasi kikubwa, na daima kwa upande uleule: anadhani tundu ni kubwa kuliko lilivyo, kwa hiyo ananunua wavu mwembamba mno.

Ule wavu wa fundi tuliupima bila kifaa cha ajabu. Tuliweka rula ya chuma juu yake, tukapiga picha ya karibu kwa simu, kisha tukaikuza na kuhesabu matundu ndani ya sentimita 5. Hesabu ya sentimita 5 ni bora kuliko ya inchi moja kwa sababu ukikosea tundu moja katika mengi, kosa linagawanyika. Yalikuwa matundu 79. Milimita 50 ukigawanya kwa 79 ni 0.633, yaani mikromita 633. Mwenye duka hakudanganya: wavu ulikuwa wa meshi 40 kweli.

Waya ulipatikana kwa kuchomoa uzi mmoja pembeni mwa wavu. Uzi huo hutoka umejikunja mawimbi kwa sababu ya kusukwa, na ukiupima hivyo kwa kalipa unaweza kupima wimbi badala ya waya. Unyooshe kwanza kwa kuuvuta kati ya vidole na ukingo wa meza. Asiye na kalipa auzungushe kwenye msumari mizunguko 20 iliyobanana, apime upana wa mizunguko yote kwa rula, agawanye kwa 20. Hapa mizunguko 20 ilichukua milimita 5, kwa hiyo waya ulikuwa milimita 0.25, yaani mikromita 250.

Mikromita 633 ukitoa 250 unabaki na 383. Karatasi ilitaka 600.

Kipimo hiki kina ukungu wake. Ukisoma rula vibaya kwa nusu milimita kwenye ile mizunguko 20, jibu la waya husogea kwa mikromita 25, na tundu husogea vivyo hivyo. Kwa mchanga wa plasta hilo halina neno: 383 inaweza kuwa 360 au 410, lakini haiwezi kuwa 600. Kwa chekeche za unga mwembamba ukungu huo ni mkubwa mno, na huko njia ya msumari haifai.

Baadaye nilipitisha sampuli ya mchanga wenyewe, kabla haujachekechwa, kwenye chekeche za shaba za maabara. Gramu 500 zilizokaushwa vizuri, maana mchanga wenye unyevu hushikana na kuziba matundu madogo, na matokeo yanadai punje ni kubwa kuliko zilivyo. Gramu 350 zilipita mikromita 600. Kisha nikachukua gramu nyingine 500 za mchanga uleule na kuzipitisha kwenye wavu wa fundi: gramu 200 tu ndizo zilizopita. Kwa lugha ya ndoo, katika kila ndoo 5 chekeche sahihi ingekataa moja na nusu. Ile ya fundi ilikataa 3. Ndilo lile rundo la uani.

Lakini hasara ya mchanga ni jambo dogo kuliko lililotokea ukutani. Kati ya zile gramu 350 zilizostahili kutumika, gramu 215 zilikuwa punje za kati ya mikromita 300 na 600, gramu 105 za kati ya 150 na 300, na zilizobaki chini ya hapo. Punje kubwa hizo ndizo mifupa ya plasta: zinagusana, zinabeba, na ndogo hujaza nafasi kati yao. Wavu wa mikromita 383 uliondoa sehemu kubwa ya mifupa hiyo na kuacha mchanga wa karibu saizi moja, mwingi ukiwa kati ya 150 na 383.

Mchanga wa namna hiyo una matatizo mawili yanayosaidiana kukuharibia kazi. La kwanza ni uso. Kilo ya viazi vidogo ina maganda mengi kuliko kilo ya viazi vikubwa. Punje nazo zikipungua upana kwa nusu, uso wa jumla wa uzito uleule huongezeka mara mbili, na uso wote huo unataka kupakwa chokaa na maji. La pili ni nafasi zilizo wazi. Punje za saizi moja hazipangani vizuri, kwa hiyo uwazi kati yao unakuwa mkubwa. Fundi mzoefu hupima uwazi huo kwa njia rahisi: anajaza kopo la lita 1 kwa mchanga mkavu, analigonga ukae, kisha anamimina maji taratibu mpaka yafike usoni. Maji yakiwa theluthi ya lita, uwiano wa 1 kwa 3 unaeleweka, maana chokaa inajaza uwazi huo kamili. Yakiwa zaidi, chokaa ya 1 kwa 3 haitoshi.

Huyu fundi aliendelea na 1 kwa 3. Mchanganyiko ukawa mgumu kusambaza, akauongezea maji mpaka ulainike chini ya mwiko. Sioni ajabu, ndivyo kila mkono uliozoea mwiko ungefanya. Maji ya ziada yakaondoka kwa upepo wa kaskazi, tabaka likasinyaa, na hapakuwa na punje kubwa za kutosha za kulizuia lisijivute. Kuongeza chokaa badala ya maji kusingemwokoa sana, kwa kuwa chokaa yenyewe ndiyo inayosinyaa.

Sasa, kama kijana asingepiga hesabu bali angetafuta jedwali, angeponea? Nusu nusu. Majedwali mengi yanayozunguka hufuata mpangilio wa Kimarekani wa ASTM E11. Humo mikromita 600 ni namba 30, na namba 40 ni mikromita 425. Angeona mara moja kwamba 40 si yake. Lakini kuna mtego wa pili. Katika mpangilio wa zamani wa Kiingereza, ambao bado umo vitabuni na kwenye chekeche kuukuu, namba 30 ni mikromita 500, na mikromita 600 ni namba 25. Katika mpangilio wa Tyler, 600 ni namba 28. Namba 100 na 200 hulingana katika mipangilio yote mitatu, zikiwa mikromita 150 na 75, na nadhani ndizo zinazowapa watu imani kwamba nyingine nazo zinalingana.

Mtego wa tatu ni mzito zaidi, na hata wauzaji wengi hawaujui. Namba ya ASTM si hesabu ya matundu. Ni jina lililobaki. Chukua chekeche ya maabara ya mikromita 600 yenye kibandiko "No. 30" uhesabu matundu yake: utapata kama 25 katika inchi, si 30. Waya wake kwa kawaida ni mikromita 400, tundu 600, jumla 1,000, na 25,400 ukigawanya kwa 1,000 ni 25 na kidogo. Chekeche za maabara hufumwa kwa waya mnene kiasi hicho ili matundu yasipanuke kwa kutikiswa. Wavu wa dukani ulioandikwa 30 ni habari nyingine: huo kweli una matundu 30 katika inchi, na tundu lake linategemea waya uliotumiwa. Ukiwa na waya wa mikromita 250, tundu ni 597. Ukiwa na waya wa 300, tundu ni 547. Ukiwa na waya wa 400, tundu ni 447 tu. Nyavu tatu, namba moja, na mchanga wa aina tatu.

Kwa hiyo jedwali linakuambia ni chekeche gani ya maabara ya kuagiza. Halikuambii wavu gani wa kukata dukani. Dukani unauliza mambo mawili: meshi ngapi na waya mnene kiasi gani. Muuzaji asipojua la pili, na mara nyingi hajui, omba kipande cha pembeni ukihesabu na kukizungusha kwenye msumari kama ilivyoelezwa.

Ndivyo tulivyofanya mara ya pili. Duka lilikuwa na mabunda mawili ya meshi 30. Katika yote mawili sentimita 5 zilikuwa na matundu 59. La kwanza waya wake ulionekana kwa macho kuwa mnene, mizunguko 20 ikachukua zaidi ya milimita 6. La pili ilichukua 5. Tukakata la pili: 847 kutoa 250, tundu la mikromita 597.

Fundi aliupigilia misumari kwenye fremu ya mbao. Hapa pana jambo la kuangalia. Wavu ukivutwa zaidi upande mmoja, miraba hugeuka kuwa michirizi mirefu, na punje nyembamba hupenya kwa urefu wao. Wavu ukilegea katikati, watu huusugua mchanga kwa kiganja ili upite haraka, na kiganja husukuma nyaya zikapishana. Chekeche hiyo itapimika vizuri pembeni na kudanganya katikati. Kipimo chake ni rahisi: chukua gao la mchanga uliokwisha kupita, ulirudishe kwenye chekeche ya shaba ya mikromita 600. Kitakachobaki juu ni kile kilichopitia palipopanuka. Katika kisa hiki kilibaki kidogo sana, vipande bapa vya kombe.

Vipande hivyo vya kombe havikuwa kosa la wavu. Chekeche haipimi urefu wa punje wala ujazo wake, inapima kama punje inaweza kupata njia ya kupita. Kipande bapa hupita kwa kusimama ubavu na kulala kwenye mshazari wa tundu, na mshazari wa mraba wa mikromita 600 ni karibu 850. Mchanga wa pwani yetu wenye kombe nyingi kwa hiyo utakuwa na vipande vipana kuliko namba ya chekeche, hata chekeche ikiwa kamilifu. Kwa mkono wa milimita 3 havisumbui. Kwa chokaa ya kung'arisha yenye unene wa milimita moja vingesumbua, na hapo ningeshuka hadi mikromita 300 bila kujadiliana.

Mwenye nyumba, ambaye ana jamaa mwenye tanuri la mikate Langoni, aliuliza kama mambo haya yanahusu unga pia. Yanahusu, na huko kosa lina ukubwa uleule. Kanuni ya kimataifa ya vyakula, Codex, kuhusu unga wa ngano inataka angalau asilimia 98 ya unga ipite mikromita 212, ambayo ni namba 70 kwa ASTM. Anayegawanya 25,400 kwa 212 atapata 120 na kuagiza chekeche namba 120, ambayo tundu lake ni mikromita 125. Unga mzuri kabisa utakaa juu yake naye aseme kinu hakisagi. Vitambaa vya nailoni vya viwanda vya unga vina mkanganyiko wao: vingine huandikwa kwa alama ya XX, ambayo namba zake si hesabu ya matundu kwa inchi. Kwa vitambaa hivyo ningeomba mikromita tu, na muuzaji asiyezijua ningemwacha.

Turudi ukutani. Mkono wenye nyufa ulikwanguliwa ukiwa bado haujakomaa, ukuta ukalowanishwa, na zidaka zikafunikwa magunia mabichi. Swali lililobaki lilikuwa mchanga, kwa sababu uliochekechwa kwa meshi 40 ulikuwa bado umejaa pembe moja ya ua, na kuagiza mashua nyingine kwa kazi ya chumba kimoja ni gharama isiyo na maana.

Haikuhitajika. Vipimo vilishaonyesha kwamba katika kila gramu 500 za mchanga wa asili, gramu 200 hupita mikromita 383 na gramu 350 hupita 600. Tofauti, gramu 150, ndizo punje za kati ambazo wavu wa kwanza ulizikataa kimakosa, na zilikuwa zimelala kwenye rundo la makapi. Makapi yakapitishwa kwenye meshi 30 mpya. Kama hesabu ilivyotabiri, karibu nusu yake ilipita. Kisha mchanga mwembamba na huo wa kati vikachanganywa, karai 4 za mwembamba kwa 3 za kati, ambayo ndiyo 200 kwa 150, na huo ukawa mchanga uleule ambao chekeche sahihi ingetoa tangu mwanzo. Kopo la lita 1 lilipojazwa mchanganyiko huo, maji yaliyoingia yalikuwa karibu theluthi.

Fundi alipaka kipande cha majaribio nyuma ya mlango kwa 1 kwa 3, bila kuongeza maji, akakiacha chini ya gunia bichi. Hakikupasuka, akaendelea na ukuta. Kwa kuwa sehemu ya mchanga mwembamba ilikuwa imeshaishia kwenye plasta iliyokwanguliwa, mchanga wa kati ulibaki karai kadhaa, akautumia kwenye mkono wa pili wa chumba cha jirani, ambako karatasi ilitaka mchanga mkubwa zaidi.